Fedora pembeni ya Windows: btrfs, ext4, au /home kwenye NTFS?

mpemba_kodi

Wakuu, salaam. Nina laptopu yenye SSD ya GB 512 na Windows 11. C: ina GB 200, D: ina GB 150 (mihadhara, picha, video za kazi), na GB 120 nimeziacha wazi kwa ajili ya Fedora Workstation. Kisakinishi chenyewe kinapendekeza btrfs. Jamaa wa chuoni ananiambia niikatae niweke ext4. Mimi nina wazo jingine: /home niiweke kwenye D: moja kwa moja, mafaili yangu niyaone nikiwa Windows na nikiwa Linux bila kunakili mara mbili. D: ni NTFS. Mnanishauri nini kabla sijabonyeza kitufe?

babu_keneli

Mkuu, hapo una maswali mawili tofauti. Naanza na la /home kwa sababu ndilo litakaloumiza.

NTFS inaweza kubeba mafaili yako vizuri tu, lakini /home si mafaili yako peke yake. Ndani yake programu zinaweka mipangilio, funguo na viungo vya faili, na zinategemea kila faili liwe na mwenyewe na ruhusa zake. Ukiifungua NTFS kwa draiva ya ntfs-3g bila mipangilio ya ziada, mafaili yote yanakuwa na mwenyewe mmoja na ruhusa moja. Mara ya kwanza utakapotumia ssh utakutana na hili:

```
WARNING: UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE!
Permissions 0777 for '/home/juma/.ssh/id_ed25519' are too open.
```

Utaandika `chmod 600`, itapita kimya bila kulalamika, ukiangalia tena ruhusa ni zilezile. Halafu kuna programu za Linux zinazotengeneza majina yenye nukta pacha au alama ya kuuliza, majina ambayo Windows haiwezi kuyafungua.

Kubwa kuliko yote ni Fast Startup. Windows ikiwa nayo, ukibonyeza kuzima haizimi kabisa, inalala nusu na kuacha taarifa za diski kwenye kumbukumbu yake. Linux ikiikuta D: katika hali hiyo inaifungua kwa kusoma tu au inaikataa. Ikiwa D: ndiyo /home, asubuhi hiyo huingii kwenye akaunti yako.

Kwa hiyo /home ikae ndani ya zile GB 120. D: ibaki NTFS, uifungue mahali pake kama `/mnt/kazi`, na folda za Documents na Videos uziunganishe huko.

kasuku_kigoma

Babu anamtisha kijana. D: ikikataa kufunguka unapiga `ntfsfix -d` kwenye hiyo patisheni, sekunde mbili, maisha yanaendelea. Mimi nafanya hivyo siku zote. La msingi ni btrfs: usiiguse. Umeme ukikatika imekwisha, ext4 inainuka yenyewe.

babu_keneli

Kasuku, kwenye `ntfsfix` una nusu ya jibu. Inafungua kweli, kwa sababu `-d` inaondoa ile alama inayosema diski ni chafu. Inarekebisha makosa machache ya msingi tu, haifanyi ukaguzi kamili wa kilichoharibika ndani, na kazi hiyo bado ni ya `chkdsk D: /f` ukiwa Windows. Ukiondoa alama kila mara bila kukagua, kosa dogo linabaki humo na unaendelea kuandika juu yake. Dawa ni kuondoa chanzo. Ingia Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

```
powercfg /h off
```

Hiyo inafuta hibernation na Fast Startup kwa pamoja. Na mpemba_kodi, kabla ya kugusa patisheni yoyote angalia kama Windows 11 yako imewasha BitLocker. Laptopu nyingi zinakuja nayo imewashwa. Hifadhi ufunguo wake wa kurejeshea nje ya mashine.

jirani_tv

Samahani wadau, na mimi nina swali hilohilo. Nikipiga flashi btrfs, TV ya sebuleni itacheza filamu? Sasa hivi ni FAT32 na filamu kubwa zinakataa kuingia.

mama_virtual

Jirani, TV haitaitambua btrfs. FAT32 inakataa faili moja likifika GB 4, ndiyo maana filamu zinakwama. Jaribu exFAT, lakini soma kijitabu cha TV kwanza, za zamani zinasoma FAT32 tu. Na ukitumia exFAT, toa flashi kwa utaratibu, haina daftari la kurekodi mabadiliko kama NTFS.

Nirudi kwa mpemba. Natumia btrfs kwenye mashine ya kazi na nimeipenda, ila kuna jambo moja nakuomba ulijue mapema kama utaendesha VirtualBox. Btrfs haiandiki juu ya data ya zamani, kila badiliko linaandikwa mahali papya. Kwa hati na picha ni sawa kabisa. Kwa faili moja la GB 40 ambalo ndani yake kuna Windows nzima inayobadilisha vipande vidogo muda wote, faili linasambaratika vipande vipande na mashine inakuwa nzito. Kwangu ilionekana wazi kwenye diski ya kuzunguka, kwenye SSD kidogo tu. Tengeneza folda yake ikiwa bado tupu, halafu:

```
mkdir ~/mashine
chattr +C ~/mashine
```

Lazima iwe tupu, maana faili lililokwisha kuandikwa halibadiliki. Na ujue folda hiyo inapoteza ukaguzi wa makosa na ubanaji wa data.

mpemba_kodi

Ahsante dada, VirtualBox ninayo kweli. Lakini jamani kilichonivuta kwenye btrfs ni kule kurudisha mfumo nyuma. Nasikia sasisho likiharibu mashine unarudi ilivyokuwa jana. Fedora inafanya hivyo?

babu_keneli

Hapa wengi wanapotea, niruhusu nikae kidogo.

Btrfs inaweza kupiga snapshoti kwa sekunde, lakini lazima kuwe na kitu kinachoiamuru. Fedora Workstation inatumia btrfs tangu toleo la 33 la mwaka 2020, ila haikupangii snapshoti zozote. Ukisakinisha leo na sasisho likaharibu kesho, huna pa kurudi. Watu wanakimbilia Timeshift, nayo katika hali ya btrfs inataka sehemu za ndani ziitwe `@` na `@home`. Fedora inaziita `root` na `home`, kwa hiyo Timeshift inakataa mpaka uzibadilishe majina na urekebishe fstab pamoja na mipangilio ya kuwashia.

Hata ukifaulu, angalia `/boot`. Kwa mpangilio wa kawaida Fedora inaiweka kwenye patisheni yake ya ext4, nje ya btrfs. Tuseme leo una keneli tatu kwenye `/boot`. Sasisho linaleta mpya na kuondoa ya zamani kabisa. Ukirudisha `/` ya wiki mbili zilizopita, folda ya `/usr/lib/modules` inarudi na moduli za keneli za wakati ule, wakati `/boot` ina keneli za leo. Ukiwasha keneli isiyo na moduli zake, Wi-Fi au sauti vinapotea na utadhani laptopu imeharibika. Linganisha `uname -r` na majina yaliyomo kwenye folda hiyo utaona tofauti. Ukirudi nyuma, chagua kwenye menyu ya GRUB keneli iliyopo pande zote mbili.

Kama kurudi nyuma ndiyo sababu yako kuu, openSUSE Tumbleweed inakuja na Snapper imepangwa tayari, snapshoti inapigwa kila zypper inapobadilisha programu, na unaichagua kwenye menyu ya kuwashia. Kwenye Fedora faida utakayoipata bila kufanya chochote ni mbili: data inabanwa kwa zstd, na kila kipande kina cheksamu. Ubanaji utakusaidia kwenye programu na msimbo. Video na picha zako zimeshabanwa, usitegemee nafasi hapo.

otieno_linux

Mimi niko Kisumu na ninatumia kompyuta ya mezani, sina UPS. Stima ilipotea mara moja katikati ya kunakili mafaili na btrfs ikakataa kufunguka: `parent transid verify failed`. Nilirudisha data kwa `mount -o ro,rescue=usebackuproot` na kuinakili kwingine. Kwa hivyo Kasuku hajakosea sana.

babu_keneli

Kaka Otieno, pole. Btrfs imejengwa ili umeme ukikatika ibaki na hali ya mwisho iliyokamilika. Inategemea diski iseme kweli inapoambiwa maliza kuandika. Diski inayojibu tayari kabla haijaandika inavunja mpango huo, na ujumbe ulioupata mara nyingi unatokana na hapo. Ulifanya vizuri kutokimbilia `btrfs check --repair`, hiyo inaweza kuongeza uharibifu. Ext4 kwenye diski hiyohiyo ingeweza kuwaka, lakini data ya mafaili yako haina cheksamu, usingejua lipi limeharibika.

otieno_linux

Nimeelewa hoja, sikubaliani na uamuzi. Mashine inayowaka na faili moja bovu inanifaa kuliko isiyowaka kabisa. Nakala za mafaili muhimu ninazo kwingine. Nabaki na ext4.

kasuku_kigoma

Na XFS je? Seva za Red Hat ndiyo zinayotumia.

mama_virtual

Ni imara, lakini huwezi kuipunguza ukubwa ikiwa na data. Kwa mtu anayegawana SSD moja na Windows na huenda kesho akataka kurudisha GB 30, hilo ni kizuizi. Ext4 unaipunguza ikiwa imefungwa, btrfs hata ikiwa inatumika.

mpemba_kodi

Nimesakinisha. Laptopu ina betri, kwa hiyo nimeacha btrfs, /home iko ndani yake, folda ya VirtualBox nimeipiga `+C`. BitLocker ilikuwa imewashwa kweli, nikahifadhi ufunguo kwanza, kisha nikaizima kwenye D:. Mstari wangu wa fstab ni huu:

```
UUID=<UUID-ya-D> /mnt/kazi ntfs3 uid=1000,gid=1000,windows_names,nofail 0 0
```

Kuwasha mara ya kwanza D: haikufunguka, `dmesg` ikasema `volume is dirty and "force" flag is not set!`. Niliingia Windows, nikapiga `powercfg /h off` na `chkdsk D: /f`, nikazima, sasa inafunguka.

babu_keneli

Vizuri sana. Hiyo `nofail` iache hapo, D: ikikataa tena laptopu itawaka bila yake. `windows_names` nayo itazuia Linux kuandika majina ambayo Windows haiyawezi. Na usiweke `force` kwenye mstari huo hata mtu akikushauri.

kasuku_kigoma

Babu, nimepiga `chkdsk` kwenye D: yangu baada ya kukusoma. Imenitolea folda ya `found.000` yenye vipande nisivyovitambua, vingi vinaishia na `.CHK`. Vinafunguliwaje?