Naomba ushauri: kugawa wateja wa vitenge ili nijue nani nimpe ofa

Wakuu habari zenu. Nauza vitenge mtandaoni hapa Dar, oda zote za mwaka ziko kwenye eksel: namba ya simu, tarehe, kiasi. Nimejumlisha kwa namba ya simu (majina watu wanabadilisha balaa) nikapata mara ngapi kanunua, jumla ya hela, na siku tangu oda ya mwisho, hivi:

```
=TODAY()-MAXIFS(B:B,A:A,E2)
```

Shida ipo kwenye kutoa alama 1 hadi 5. Siku na hela nimegawa mafungu matano sawa ikakubali, ila kwenye idadi ya oda zaidi ya nusu wamenunua mara moja tu, kwa hiyo fungu la 1 na la 2 ni watu wale wale, alama tofauti bila sababu. Nafikiria niweke mipaka kwa mkono, oda 1, oda 2 hadi 3, oda 4 kwenda juu, basi. Mnaonaje?

Halafu kuna dada kanunua mara 6, jumla 210,000, alikuwa anarudi kila mwezi hivi, sasa siku 95 kimya. Mwingine alichukua mzigo wa harusi 640,000 mara moja tu, miezi 8 iliyopita. Kwa hela wa harusi yuko juu, lakini punguzo mimi ningempa huyo dada, wa harusi atarudi labda aozeshe tena 😄. Wanaonunua kila wiki naona nisiwape punguzo kabisa, wangenunua tu, bora niwaonyeshe mzigo mpya kwanza.

Sasa kwenye hela nitumie jumla au wastani wa kila oda? Wenye uzoefu nisaidieni.