Saa kumi Doha siku ya Ijumaa: nitoke au nibaki uwanjani? Naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Januari nasafiri na mama yangu kutoka Dar kwenda London. Tunatua Doha saa 12 asubuhi, ndege ya pili inaondoka saa 10 jioni. Viza ya kuingia tumepata, na mabegi makubwa yanapitiliza hadi London. Uzuri saa za Doha ni sawa na zetu, kwa hiyo sitachanganyikiwa.

Hesabu yangu ni hii: uhamiaji nautengea saa moja na nusu, halafu saa 7 mchana tuwe tumerudi uwanjani, kwa sababu kuna ukaguzi tena na mama anatembea taratibu. Zinabaki kama saa tano na nusu za mjini.

Nilitaka tupande metro ya mstari mwekundu hadi Msheireb, kisha tutembee hadi Souq Waqif. Tatizo siku yenyewe ni Ijumaa. Metro huchelewa kuanza, maduka mengi ya sokoni hufungwa asubuhi, na Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu hufunguliwa mchana, wakati sisi tunarudi. Kinachobaki ni teksi hadi Corniche, tukaone majahazi yaliyotia nanga. Mama amekulia Bagamoyo, atafurahi sana.

Waliowahi kupita Ijumaa: asubuhi ile kuna mgahawa wa chai uliofunguliwa pale sokoni? Na teksi ya kurudi, niagize mapema au zinapatikana barabarani?