Naomba ushauri: sivii ya supavaiza wa ulinzi inasema walinzi 45, tangazo letu linataka 20, nampitisha?

Mpitishaji:
Wakuu habari za saa hizi. Nina sivii mezani na kesho asubuhi natakiwa kupeleka majina. Tangazo letu lina mambo matatu. Awe amesimamia walinzi wasiopungua 20 katika eneo moja, awe ameshughulikia ripoti za matukio, na awe na vyeti hai vya usimamizi wa ulinzi, huduma ya kwanza na zima moto. Huyu bwana kaandika "nimesimamia walinzi 45 na kuandaa ripoti zote", vyeti anavyo. Kwangu naona amezidi, ila bosi wangu mgumu kweli na sitaki aniulize swali nikakosa jibu. Nimpitishe?

Doria_Usiku:
Mkuu 45 ni wengi sana! Mimi nimelinda geti miaka na supavaiza wetu alikuwa na watu tisa tu na bado alikuwa anachanganya majina, sikukuu ikifika ndiyo balaa kabisa, kila mtu anataka ofu siku moja halafu asubuhi geti halina mtu. Huyo akiweza 45 mpeni kazi.

Mama Shifti:
Subiri kwanza. 45 wa wapi? Sivii inasema eneo lenyewe lilikuwa na vituo vingapi? Uwezo wa supavaiza unauona kwenye vituo na zamu, hiyo namba ya vichwa peke yake haikwambii kitu.

Mpitishaji:
Kaandika mageti mawili, mapokezi, chumba cha kamera, ghala na doria ya uzio. Saa 24, zamu za saa 12.

Kaka Mizani:
Basi kaongopa. Vituo sita mara zamu mbili ni walinzi 12, hao 45 katoa wapi?

Mama Shifti:
Kaka Mizani umekaribia ila umesahau mapumziko. Kituo kimoja cha saa 24 kwa zamu za saa 12 kina zamu 14 kwa wiki, kwa hiyo vituo sita ni zamu 84. Mlinzi akifanya siku sita apumzike moja, zamu 84 gawa kwa 6 unapata 14. Ongeza wawili wa kuziba likizo na wagonjwa, 16. Hata zamu zingekuwa za saa nane, ni zamu 126, gawa kwa 6, walinzi 21. Ili wafike 45 kwa zamu zake za saa 12 ungehitaji vituo kama 19.

Lakini usikimbilie kusema kaongopa. Huenda alikuwa supavaiza wa kuzunguka, ana maeneo manne au matano, usiku anapita na pikipiki anasaini kitabu cha kila geti anaondoka. Hapo 45 ni kweli kabisa, ila hiyo ni kazi nyingine. Wa kuzunguka anakagua, ratiba mara nyingi inapangwa ofisini. Wa eneo moja ndiye anayepigiwa simu saa kumi na moja alfajiri kwamba mtu wa ghala hajafika, na anatakiwa ajue amtoe nani wapi. Tangazo lenu limesema "eneo moja", sidhani liliandikwa kwa bahati mbaya. Mpe karatasi akupangie ratiba ya wiki ya vituo hivyo sita, ofu ikiwemo. Aliyezoea hachukui muda.

Mpitishaji:
Lakini dada, mtu wa kuzunguka si ndiyo anajua zaidi? Kaona maeneo mengi. Ulinzi ni ulinzi.

Zaburi_ya_Asubuhi:
Ndugu zangu tatizo la siku hizi ni uaminifu. Mtu anayezidisha idadi leo kesho atazidisha mafuta ya jenereta. Vijana waombe kazi kwa ukweli, riziki ipo.

Mama Shifti:
Na vyeti? Tuwekee kilichoandikwa kama kilivyo.

Mpitishaji:
Huduma ya kwanza 2019. Zima moto ni cheti cha kuhudhuria, siku moja. Usimamizi kaandika "mafunzo ya ndani ya kampuni". Mimi naona vinatosha maana mtu akishajifunza kufunga jeraha hasahau.

Nesi wa Zamu:
Anasahau mkuu, tena sana, hasa kukandamiza kifua. Vyeti vingi vya huduma ya kwanza vina muda, miaka miwili au mitatu kulingana na aliyekitoa, kisha unarudia. Cha 2019 usikiite hai mpaka aonyeshe alikirudia. Kile cha kuhudhuria kinasema alikuwepo tu, hakisemi alipimwa. Angalia kama kina namba, halafu piga simu kwa waliokitoa, ila namba ya simu itafute mwenyewe, usitumie iliyochapwa kwenye cheti.

Doria_Usiku:
Cheti changu cha zima moto kilikaa mkobani kikanyeshewa, tarehe haionekani kabisa. Nacho kimekufa?

Nesi wa Zamu:
Rudi kwa waliokupa, wana daftari la majina.

Kaka Mizani:
Mpitishaji, mbona unamtetea hivi? Uliomba ushauri au baraka?

Mpitishaji:
Sawa niseme. Ni shemeji yangu na jana nilishampigia nikamwambia ajiandae. Ameshaaga kazini. Siwezi kurudi nyuma sasa, na uwezo anao, kuna usiku waya wa shaba ulikatwa ghala na tukaandika kila kitu kwenye kitabu, mpaka saa.

Kaka Mizani:
"TUKAANDIKA"? Wewe na nani? Wakuu huyu ndiye mwenye sivii, anafanyia intavyuu mazoezi hapa. Au hadithi nzima katunga.

Mpitishaji:
Ni kuteleza kwa kidole, yeye ndiye alinisimulia. Acheni hizo.

Zaburi_ya_Asubuhi:
Nilisema mimi, uaminifu.

Mama Shifti:
Awe shemeji au awe yeye mwenyewe, huo waya ndiyo kitu cha maana kuliko vyote tulivyosoma hapa. Kwenye sivii kuna "ripoti zote" tu, na hiyo inaweza kuwa kitabu cha makabidhiano, zamu imeisha salama, funguo nane zipo. Ripoti ya tukio ni nyingine. Nani kaona waya umekatwa na saa ngapi, nani kaambiwa na nani, kilichoonekana kwa macho kikae mbali na kinachodhaniwa, jina la mtu lisiitwe la mwizi wakati hakuna aliyemwona akikata. Halafu supavaiza ana kazi ya juu zaidi, kuchukua maelezo ya kila mlinzi kabla hawajaenda nyumbani wakapatana hadithi moja, na kuomba picha za kamera zihifadhiwe mapema kwa sababu mashine inarekodi juu ya za zamani. Akiandika hivyo kwenye sivii, mistari miwili mitatu ya tukio moja bila majina, nampitisha kwa kipengele cha pili bila shaka.

Mpitishaji:
Na kipengele cha kwanza?

Mama Shifti:
Kwa hao 45 sijui mpaka niione ratiba. Vyeti kwa sasa hana hata kimoja cha tangazo. Peleka jina ukitaka, lakini pembeni andika kinachokosekana na useme ni ndugu yako, bosi aamue.

Mpitishaji:
Nikisema ni ndugu ataondolewa hapo hapo.

Kaka Mizani:
Tuwekee picha ya hilo tangazo basi, funika jina la kampuni.

Doria_Usiku:
Dada Mama Shifti, hiyo hesabu ya zamu 14 za kituo kimoja gawa kwa 6, kama sisi tunafanya siku saba bila ofu inakuwaje? Maana kituo chetu tupo wawili tu.