Timu ya Berlin au ya Marekani: nipo Mbeya, nichague ipi?

MwanaUyole: Wakuu, nina ofa mbili na natakiwa kujibu Ijumaa. Zote ni za kuandika programu nikiwa nyumbani. Moja timu iko Berlin, nyingine Marekani, na ya Marekani inalipa zaidi kidogo. Nina mke na mtoto mchanga. Mwenye uzoefu wa kufanya kazi na watu ambao wewe ukiamka wao wamelala, anisaidie.

Sokomatola: Marekani mkuu, usijiulize mara mbili. Mimi napiga kazi usiku, bando la usiku bei poa, nyumba imetulia. Tunawazidi masaa 8 tu, unazoea.

Kihesa_Juu: Kamwene. Marekani ipi? Saa 3 asubuhi ya New York, miezi yao ya baridi, kwetu ni saa 11 jioni. Saa 3 asubuhi ya San Francisco kwetu ni saa 2 usiku. Halafu wanataka uwepo siku yao nzima ya kazi, au masaa machache tu ya kukutana? Bila hayo tunabahatisha.

MamaParachichi: Hongera mdogo wangu! Viza ya Ujerumani unaifuata Dar au wanakufanyia wao?

MwanaUyole: Dada, siendi popote, nabaki hapa hapa Uyole 😀. Kihesa, nimewauliza: ni New York, masaa 4 ya pamoja kila siku kuanzia saa 3 asubuhi yao. Berlin bado hawajajibu.

Kihesa_Juu: Basi ni saa 11 jioni hadi saa 3 usiku. Wakisogeza saa zao mbele, Jumapili ya pili ya Machi, inakuwa saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi, kwa hiyo hayo "masaa 8 tu" ya Sokomatola ni ya baridi. Kiangazi ni 7. Berlin tunawazidi masaa 2 baridi, 1 kiangazi. Hata wakitaka siku yao nzima, baridi unamaliza saa 1 usiku.

Sokomatola: Saa moja haimuui mtu.

Njia_ya_Njombe: Haimuui? Ngoja nikusimulie. Timu yetu ilikuwa na watu wa New York, mmoja wa London, na mimi Makambako. Bosi alipanga kikao cha kila siku kwenye kalenda kwa saa za UTC, 15:00, eti iwe haki kwa wote. Kwangu saa 12 jioni, kwao saa 4 asubuhi. Machi ikafika, saa zao zikasogea, kikao kikaangukia saa 5 asubuhi yao na kugongana na simu ya mteja. Akawaambia wenzake wa ofisini tu, "tubaki saa 4 kama kawaida". Kalenda hakuigusa. Kwangu ikaendelea kuonyesha saa 12 jioni, na kumbe wameshakaa tangu saa 11. Mimi na yule wa London tunaingia, hakuna mtu. Tukaandikwa kwamba hatupatikani, na mkataba wangu haukuongezwa. Fungua tukio kwenye kalenda uone limefungwa kwenye saa za wapi. Kama wengi wako New York, pasomeke America/New_York, si UTC.

Kihesa_Juu: Na ukiwa kwenye Linux hakikisha mwenyewe:

```
date -d 'TZ="America/New_York" 2026-03-09 10:00'
```

Kompyuta ikiwa kwenye saa za Dar itakupa 17:00. Weka 2026-03-02 uone 18:00.
Jambo jingine ni maswali. Ukiuliza saa 4 asubuhi, jibu linakuja jioni. Usiandike "habari, upo?" ukasubiri. Andika hivi: "Fomu ya malipo imekamilika, majaribio mawili yanafeli. Sijui kodi inahesabiwa kabla au baada ya punguzo. Nisiposikia hadi 17:00 yangu, naweka baada." Hapo kazi haisimami, na akikukatalia unabadilisha mstari mmoja.

Sokomatola: Ukiamua mwenyewe kwenye hela za watu utafukuzwa.

Kihesa_Juu: Ndiyo maana unachagua kitu kinachorudishika. Kufuta data ya mteja usiamue, subiri.

MamaParachichi: Na umeme ukikatika katikati ya kikao? Mwanangu anatumia betri ndogo inayowasha rauta tu, kompyuta ina chaji yake.

Njia_ya_Njombe: Na baridi ya Juni je? Saa 2 usiku vidole vinakataa kuandika.

Sokomatola: Jiko la mkaa chumbani.

MamaParachichi: Wee! Mkaa chumba kimefungwa na mtoto mchanga ndani? Unaua familia hivyo. Blanketi na chai.

MwanaUyole: Ndaga fijo wote. Berlin wamejibu: "tunabadilika kulingana na mahitaji". Hiyo maana yake nini?

Kihesa_Juu: Kwamba hawajapanga. Waombe ratiba halisi ya wiki iliyopita ya mtu mmoja wa timu.

Sokomatola: MamaParachichi, hiyo betri ya rauta alinunua wapi?