Tupeane uzoefu: imeili ya "tumebadilisha akaunti ya benki", jibu salama ni lipi?

karani_wa_ghala: Wakuu habari zenu. Ofisini tumefanyishwa kwizi ya usalama wa mtandao na swali moja limetugawa kabisa. Imeili inatoka kwa sapulaya mliyemzoea, anasema wamebadilisha benki, invoisi ya mwezi huu ilipwe akaunti mpya leo kabla ya saa kumi jioni, na yeye yuko safarini hapatikani kwa simu. Majibu ni: A, ifute. B, mjibu hapohapo umuulize kama ni yeye kweli. C, piga namba iliyoandikwa chini ya imeili. D, usijibu, mpigie kwa namba iliyo kwenye mkataba halafu uripoti aiti. Wengi wetu tulienda na B maana kuuliza si ndo busara? Aliyewahi kukutwa na hili atuambie.

kijana_wa_mwanza: Mbona rahisi, cheki anwani ya mtumaji, kama ni yenyewe herufi kwa herufi basi ni yeye. Na ukifungua linki ukaona alama ya kufuli ujue iko salama.

mtunza_seva: Kijana, anwani iliyobadilishwa herufi utaikamata hivyo kweli, ila sio kila tapeli anabadilisha herufi. Kuna kampuni niliwahi kuisaidia, huyo jamaa aliingia kwenye akaunti halisi ya mtu wa mauzo wa sapulaya, paswedi alishaipata, akatulia tu anasoma mazungumzo yao. Akaweka ruli kwamba imeili yoyote kutoka kwa mteja iruke sanduku kuu iende folda ya `RSS Feeds`, folda ambayo hakuna mtu anaifungua. Invoisi ya kweli ilipotoka akaifuatilia kwenye mazungumzo yaleyale, PDF ileile, nembo ileile, kilichobadilika ni namba ya akaunti. Mhasibu akafanya hiyo B yenu, akauliza "ni nyie kweli?", jibu likarudi fasta "ndio ni sisi, samahani kwa usumbufu". Aliyejibu ni tapeli. Walikuja kujua sapulaya alipopiga kudai hela yake. C nayo ni vilevile, namba ya chini kaiandika yeye.

Na kufuli inakwambia tu kwamba njia kati yako na hiyo tovuti imefungwa wengine wasichungulie, haikwambii mwenye tovuti ni nani. Linki isome kabla ya mkwaju mmoja wa kwanza, ukianzia kulia:

```
https://benkiyako.co.tz.hakiki.example/ingia
```

Hapo mwenye tovuti ni `hakiki.example`, hilo la benki kushoto mtu yeyote anaweza kulibandika.

mama_wawili: Mimi ilikuwa wasapu jamani, rafiki yangu kaniandikia nimtumie kodi ya tarakimu sita imekuja kwangu kwa bahati mbaya. Nikampigia kwanza, akasema akaunti yake imeibwa tangu asubuhi hata yeye anahangaika. Sasa mimi nichague herufi gani hapo?

mtunza_seva: @mama_wawili hiyo ndo D dada, umempigia kwa njia nyingine badala ya kumuuliza humohumo. Kodi haikuja kwa bahati mbaya, tapeli alikuwa anajaribu kufungua wasapu yako kwenye simu yake. Na zile esemesi za "ile hela tuma kwa namba hii", mkiwa Tanzania zifowadini kwenda 15040.

mhasibu_tanga: Nitetee kidogo walioweka A, angalau hela haijatoka. Shida ni kwamba umejiokoa peke yako, imeili hiyohiyo inaweza kuwa iko kwa mwenzako wa dawati la pili ambaye leo ana haraka. Ukiripoti, aiti wanaweza kuitoa kwenye masanduku ya wote. Tumieni kitufe cha kuripoti au muiambatanishe nzima kama faili, maana ukifowadi kawaida zile taarifa za imeili imepita seva gani hazifiki kwao.

Kwetu akaunti ya sapulaya haibadilishwi na mtu mmoja, mmoja anapiga simu, mwingine anaidhinisha, na jina la aliyeongea naye linaandikwa kwenye faili.

karani_wa_ghala: Nimewaelewa, sasa D inanipa swali jingine. Namba ya kwenye mkataba wetu ni ya zamani, haipokelewi, na bosi kasimama mlangoni anataka malipo yatoke leo. Hapo unafanyaje?

mhasibu_tanga: Invoisi inasubiri. Tafuta namba kwenye stakabadhi za zamani au mtume dereva wa ghala afike dukani kwao.

kijana_wa_mwanza: Na bosi akisaini mwenyewe kwamba ilipwe?

mhasibu_tanga: Hapo hata sisi tunabishana. Mimi silipi, mwenzangu anasema sahihi ya bosi inatosha.

mtunza_seva: Sahihi yake kwenye karatasi au kwenye imeili? Maana imeili ya bosi nayo inaibiwa.