Tupeane uzoefu: kutafuta kipande kirefu zaidi kinachopatikana katika orodha mbili

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, naomba kila aliyewahi kutumia jedwali katika kazi hii atueleze ni wapi lilimsumbua. Nazungumzia kipande kisichoruka kitu katikati. Mfano wangu ni A = [5, 8, 2, 9] na B = [8, 2, 5, 8, 2]. Katika jedwali, mistari ni vipengele vya A na safu wima ni vya B. Kisanduku cha 5 na 5 kinapata 1, cha 8 na 8 kilicho chini yake kimshazari kinapata 2, na kinachofuata, cha 2 na 2, kinapata 3. Jibu ni 3, ingawa kisanduku cha mwisho kabisa pembeni kina 0, kwa hiyo lazima mtu aweke kando thamani kubwa zaidi aliyokutana nayo njiani.

Kisima: Mimi vipengele visipolingana huchukua kubwa kati ya thamani ya juu na ya kushoto, na majibu yangu mengi yamekuwa sahihi.

Mzee wa Mantiki: Ndugu Kisima, kanuni hiyo ni ya swali jingine, lile linaloruhusu kuruka vipengele. Hapa kila kisanduku kinabeba urefu wa mfululizo unaoishia papo hapo, na vipengele viwili vinapotofautiana hakuna mfululizo unaoishia hapo, hivyo ni sifuri. Jaribu [1, 7, 2] na [1, 9, 2]: kwako litatoka 2, ilhali jibu ni 1.

Kwa upande wangu, shida ilianza nilipobakiza mstari mmoja tu wa jedwali, niliouita d, ili kuokoa kumbukumbu. Ukiujaza kutoka kushoto, d[j-1] inakuwa imeshaandikwa upya, na unasoma jirani wa mstari huu badala ya yule wa mshazari. Kwa A = [4] na B = [4, 4, 4] unapata 3, urefu unaozidi orodha A yenyewe, na hiyo ndiyo dalili. Dawa ni kuanzia kulia:

```
n = len(b)
d = [0] * (n + 1)
bora = 0
for x in a:
    for j in range(n, 0, -1):
        if x == b[j-1]:
            d[j] = d[j-1] + 1
            bora = max(bora, d[j])
        else:
            d[j] = 0
```

Ile `else` msiiache, kwa sababu thamani ya mstari uliopita itabaki na kuzaa mfululizo usiokuwepo.

Nuru: Zangu ni vipimo vya joto vyenye desimali, na mshazari hukatika mahali ambapo macho yanaona namba zilezile.

Mzee wa Mantiki: Zigeuze kuwa namba kamili kwanza, kwa mfano sehemu za mia za nyuzi, ndipo ulinganishe.

Kisima: Nimejaribu mfano wako na nimekubali. Je, orodha zikiwa na vipengele 100,000 kila moja? Mstari mmoja umepunguza kumbukumbu, lakini visanduku vya kupitia bado ni bilioni 10.

Nuru: Nimesikia kuna wanaokisia urefu kwa kugawa nusu kwa nusu, kisha wakalinganisha alama za vipande, yaani namba moja inayokokotolewa kutoka kila kipande. Aliyefanya hivyo atuambie alivyoshughulika na alama zinazogongana, vipande tofauti vinapopata namba ileile.