Alikwenda nyumbani, akarudi na panga: ni hasira au ni nia?

Mtoto wa Tororo: Ndugu zangu, nisaidieni, kijiji kimegawanyika. Kwenye malwa, ile pombe ya kunywea mrija chunguni, jamaa mmoja alimwagiwa kifuani birika la maji ya moto, yale ya kuongezea chunguni, huku mwenzake akimtukania mke mbele ya watu. Akainuka, akaondoka kimya. Baada ya kama dakika 20 akarudi na panga, akamkata yule mwenzake shingoni mara mbili. Amekufa palepale. Wengine wanasema alichokozwa, kwa hiyo ni kuua bila kukusudia. Wengine wanataka anyongwe. Mimi nauliza, kwani sheria ya Uganda inamhurumia mwenye hasira kwa nini?

Boda wa Nagongera: Hapo hakuna kesi ngumu. Mauaji ni ya kupanga, unakaa siku tatu unanoa panga. Huyu alikuwa anavuta mrija tangu saa tisa mchana. Mlevi ana nia gani? Ni ile ndogo.

Karani Mstaafu: Boda, kuhusu ulevi umepata robo. Mahakama inaruhusiwa kuuliza kama pombe ilimzidi mtu hadi asiweze kuwa na nia ya kuua. Lakini huyu alipata njia ya kwake, akakumbuka panga linapokaa, akarudi kwenye chungu kilekile, na kati ya watu wote waliokaa pale akamkata aliyemmwagia maji. Mlevi wa namna hiyo nimewaona wengi kizimbani, na pombe haikuwasaidia. Na habari ya siku tatu iache. Nia inaweza kuzaliwa mkono ukiwa umeshafika kwenye mpini.

Kinachotuchanganya ni jina lenyewe. Tunasema "kuua bila kukusudia", basi tunadhani mwenye hasira ni mtu ambaye hakukusudia. Sivyo. Kifungu cha kuchokozwa kinaanza kwa kukubali kwamba mtu aliua, na kwamba kama si uchokozi yangekuwa mauaji kamili. Hasira haifuti nia. Inachofanya ni kulishusha kosa ngazi moja, na kwa masharti: awe alitendewa ubaya au alitukanwa kwa namna ya kumpotezea uvumilivu mtu wa kawaida wa jamii yake, na awe alipiga damu ikiwa bado inachemka, kabla haijapata muda wa kupoa.

Mpakani Busia: Huku upande wa Kenya hata nia ya kuumiza vibaya tu inatosha kuwa mauaji. Nilidhani Uganda ni hivyohivyo, sheria zetu si aliziandika Mwingereza mmoja?

Karani Mstaafu: Zilikuwa ndugu, zikaachana. Kwetu siku hizi maneno ya kuumiza vibaya hayamo. Upande wa mashtaka una njia mbili: mshtakiwa alitaka mtu afe, au alijua kwamba anachofanya huenda kikaua, hata kama hakujali, hata kama moyoni aliomba asife. Hiyo ya pili ndiyo inayowanasa wengi wanaosema "nilitaka kumtisha tu".

Na kwa kuwa hakuna anayeingia kichwani mwa mtu, majaji mpaka leo wanafuata kesi ya Tubere ya mwaka 1945, ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Wanatazama silaha, namna ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, na mwenendo wa mtu kabla, wakati na baada ya tendo. Panga, shingo, mara mbili: hapo nia karibu inajisomea yenyewe. Sasa badilisha kidogo. Tuseme palepale, maji bado yanamchuruzika kifuani, alishika kigoda alichokalia akampiga nacho mara moja kichwani, na mtu akafa siku ya pili. Hapo wakili ana mahali pa kusimama. Kwanza anabishana kama alijua pigo lile huenda likaua. Akishindwa hapo, bado ana uchokozi wa ghafla.

Mama Jinja: Naomba niulize langu. Mtoto wa dada yangu alipigwa na umati kwa sababu ya mbuzi. Waliokamatwa walikuwa wengi, akabaki mmoja kwenye kesi, naye akasema kila mtu alipiga teke moja, na kwamba wizi umewachosha, walikuwa na hasira. Hiyo nayo ni hasira ya kupunguziwa?

Karani Mstaafu: Pole sana, mama. Wakikubaliana kumpiga mtu, hata kwa kuitana tu papo hapo, kila mmoja anabeba kilichotarajiwa kutokana na kipigo hicho, hakuna kugawana mateke. Na umati unaompiga mtu aliyelala chini kwa mawe na magogo unajua mwisho wake. Hiyo ndiyo ile njia ya pili niliyosema. Kuchoshwa na wizi wa mwaka mzima si uchokozi wa ghafla. Kinachovunja kesi hizi ni shahidi: jirani aliona wote, lakini mahakamani anamtaja mmoja tu.

Mama Jinja: Ndivyo ilivyokuwa. Wale wengine tunaonana nao sokoni.

Binti wa Mbale: Mimi sikubaliani na sheria yenyewe, wala si dakika 20. Nani anaweza kuripuka palepale? Mwenye nguvu. Mwanamke anayepigwa miaka saba hawezi kumrudishia mume akiwa wima mbele yake. Anangoja alale. Basi mahakama inamwambia damu yako ilishapoa. Kwa hiyo huruma hii inamfaa mwanamume wa malwa, haimfai yeye. Ifutwe.

Boda wa Nagongera: Ikifutwa, si wote watanyongwa?

Binti wa Mbale: Hapana. Tangu kesi ya Susan Kigula, Mahakama ya Juu Januari 2009, kunyongwa si lazima tena kwa mauaji, jaji ana hiari. Zamani uchokozi ulikuwa mlango wa kuikimbia kamba. Sasa hasira anaweza kuipima kwenye adhabu.

Karani Mstaafu: Hoja ya mwanamke huyo sina jibu lake, na nimeandika kesi za namna hiyo mkono ukitetemeka. Ila kufuta si jambo dogo. Kwenye mwongozo wa adhabu wa 2013 mauaji yanaanza kuhesabiwa miaka 35, lile la chini miaka 15. Ukifuta, unamwanzisha mwenye kigoda mahali pamoja na mwenye panga, kisha unategemea moyo wa jaji mmoja. Mimi ningepanua neno "ghafla" liingize mateso ya muda mrefu.

Binti wa Mbale: Ukilipanua, mwenye panga naye ataingia humo humo.

Mtoto wa Tororo: Turudi kwa mtu wetu. Dakika 20 zinamaliza kila kitu?

Karani Mstaafu: Zinamwelemea sana, ila hakuna saa iliyowekwa na sheria. Tena si kazi yake kuthibitisha kwamba alichokozwa. Dalili ikionekana kwenye ushahidi, hata wa mashahidi wa serikali, ni juu ya mashtaka kuiondoa bila kuacha shaka. Kwa hiyo wataulizana zile dakika zilikwendaje. Alikimbia akilia kwa moto wa kifua, au alitembea akisalimia watu? Alisema nini njiani?

Mtoto wa Tororo: Mkewe anasema alipofika alikaa kitandani, akapakwa dawa ya meno kwenye malengelenge, akauliza kama watoto wamekula. Sijui hilo linamsaidia au linammaliza.

Karani Mstaafu: Aliuliza hayo panga likiwa bado ukutani, au likiwa mkononi?

Mtoto wa Tororo: Hakuna aliyemuuliza mke hilo. Kesho nitapita kwao.

Karani Mstaafu: Usipite. Mwache aulizwe mahakamani, asije akaambiwa alifundishwa.